Instagram inasema nimeingia nikiwa Dar, na mimi niko Mbeya: namna ya kulisoma onyo la kifaa kigeni

Onyo lenyewe huwa fupi. Linasema akaunti yako imefunguliwa kwenye kifaa usichokitumia kawaida, linataja aina ya kifaa, mji na saa, halafu linakuuliza kama ni wewe. Macho ya wengi hukimbilia jina la mji. Aliyeko Mbeya akisoma Dar es Salaam, moyo unampasuka. Akisoma Mbeya, anashusha pumzi na kufuta ujumbe. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, kwa sababu kati ya vitu vitatu vilivyoandikwa pale, mji ndio wa kuaminiwa kidogo zaidi. Anza na saa, kisha kifaa, na mji uuache mwisho.

Nitafuata Instagram na Facebook, maana zote ni za Meta na menyu zao zinafanana. Kwenye TikTok au X vitufe vina majina mengine, lakini maswali ya kujiuliza ni yaleyale.

## Onyo limesema nini hasa?

Watu husema "nimeletewa meseji kwamba nimedukuliwa", na ukiiona meseji yenyewe unakuta inasema kitu kingine kabisa. Kuna ujumbe wa aina tatu unaochanganywa kila siku, na kila mmoja una uzito wake.

Wa kwanza unasema mtu ameingia. Hapo mlango umeshafunguliwa, na swali lililobaki ni kama aliyefungua ni wewe.

Wa pili unakuletea namba ya kubadilisha nywila, na wewe hukuomba. Huu unatisha kuliko unavyostahili. Yeyote anayejua namba yako ya simu, imeli yako au jina lako la mtumiaji anaweza kubofya "Forgot password" na ukaletewa namba hiyo. Hajui nywila yako. Angekuwa anaijua asingeiomba upya. Wakati mwingine ni mtu mwenye jina linalofanana na lako aliyekosea kuandika lake. Usimpe mtu namba hiyo, basi. Ikiwa dakika chache baadaye unapigiwa na "mhudumu" au unaandikiwa na rafiki anayesema namba yake imetumwa kwako kwa bahati mbaya, sasa unajua nani aliyeiomba na kwa nini.

Wa tatu unafanana sana na wa pili, na hapa ndipo wengi hupitiwa. Ni namba ya kuthibitisha kuingia, ile ya hatua ya pili, au ombi linalotokea kwenye skrini likikutaka umruhusu mtu anayejaribu kuingia. Kama umewasha uthibitishaji wa hatua mbili na namba hii ikaja bila wewe kujaribu kuingia popote, jua kwamba kuna mtu ameandika nywila yako sahihi na amekwama kwenye hatua ya pili. Nywila hiyo imevuja, ibadilishe leo, pamoja na kila mahali pengine ulipoitumia. Kwa hiyo soma maneno yanayozunguka zile tarakimu. Tarakimu zenyewe hazikwambii kitu.

## Ujumbe umetoka Instagram kweli?

Matapeli wanajua onyo la namna hii humfanya mtu abofye kabla ya kufikiri, hivyo wanaliiga. Barua halisi za tahadhari za Facebook hutoka security@facebookmail.com, na za Instagram hutoka security@mail.instagram.com. Hiyo facebookmail.com huonekana kama ya kughushi na watu huifuta, kumbe ndiyo yenyewe. Gusa jina la mtumaji ili anwani kamili itokee, kwa kuwa jina la juu mtu anaweza kuandika lolote.

Lakini mimi sipendi kumwachia mtu kazi ya kupima anwani kwa macho. Kuna njia iliyonyooka zaidi. Iache barua ilivyo, usibofye kitu ndani yake, fungua programu ya Instagram kama ulivyozoea, nenda "Accounts Center", kisha "Password and security", kisha "Recent emails". Pale zimeorodheshwa barua za usalama ambazo Meta imekutumia siku za karibuni. Barua uliyonayo ikiwemo, ni halali. Isipokuwemo, ichukulie kuwa ni ya tapeli na mjadala uishie hapo.

Kama ulishabofya kiungo cha barua bandia ukaandika nywila, ruka hadi sehemu ya kufunga milango hapo chini. Usisubiri onyo halisi lije kuthibitisha, kwa sababu aliyekunasa huenda akaingia ndani ya dakika chache.

## Saa: badilisha kabla ya kuogopa

Barua za Instagram mara nyingi huandika saa za California. Mstari wake huwa hivi:

```
Android · Chrome Mobile · Dar es Salaam, Tanzania
May 13 at 11:47 PM (PDT)
```

Ukiona PDT, ongeza saa 10 upate saa za Afrika Mashariki. Ukiona PST, ambayo hutumika huko wakati wa baridi, ongeza saa 11. Ukiona UTC, ongeza 3. Kwa hiyo saa iliyoandikwa hapo juu si usiku wa tarehe 13 hata kidogo. Ni tarehe 14 Mei, 9:47 ya asubuhi, na kwa hesabu yetu ni saa tatu na dakika arobaini na saba. Mtu anayesoma 11:47 PM na kukumbuka kwamba wakati huo alikuwa amelala ameshajihukumia kesi kwa ushahidi usio wake.

Kuna mtego mwingine mdogo, hasa kwa anayesoma haraka: 9:47 AM kuichukulia kuwa saa tisa. Andika saa uliyoipata kwenye karatasi kwa namna mbili zote, ya simu na ya Kiswahili, kisha ndipo ujiulize ulikuwa unafanya nini wakati huo.

Saa ikigongana na kitu unachokikumbuka, kwa mfano ulikuwa umetoka kuweka programu upya, umefuta data ya kivinjari, au umefungua kiungo ulichotumiwa WhatsApp, una maelezo mazuri tayari. Simu uliyoitumia miaka miwili huonekana kuwa ngeni kabisa mara tu zile alama ambazo Instagram iliacha ndani yake zinapofutwa.

## Kifaa: "Linux" si lazima iwe ya mdukuzi

Instagram haikioni kifaa chako. Inasoma maelezo ambayo kivinjari au programu inajitambulisha nayo, na maelezo hayo yana vituko vyake. Chrome kwenye simu ya Android hujitambulisha hivi:

```
Mozilla/5.0 (Linux; Android 10; K) AppleWebKit/537.36
(KHTML, like Gecko) Chrome/124.0.0.0 Mobile Safari/537.36
```

Simu yako inaweza kuwa Android 14 na imetengenezwa na Tecno, na bado Chrome ikasema "Android 10, K". Tangu 2023 Google iliamua Chrome ifiche toleo na modeli halisi ili watumiaji wasifuatiliwe kirahisi. Sasa gusa vidoti vitatu, weka alama kwenye "Desktop site", na simu hiyohiyo inageuka kuwa kompyuta:

```
Mozilla/5.0 (X11; Linux x86_64) AppleWebKit/537.36
(KHTML, like Gecko) Chrome/124.0.0.0 Safari/537.36
```

Onyo litakalofuata litasema umeingia kwa Chrome kwenye Linux. Mwenye duka anayefungua toleo la kompyuta ili aweke tangazo vizuri atajitisha mwenyewe hivi kila wiki. iPad nayo, tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, kwa kawaida hujitambulisha kama Mac.

Programu zenyewe husema ukweli zaidi, ila kwa lugha ya kiwandani. Ukiona SM-A055F usidhani ni kifaa cha ajabu. Hiyo ni Samsung Galaxy A05. Fungua "Settings" ya simu yako, nenda "About phone", ulinganishe namba ya modeli na iliyo kwenye onyo. Zikifanana herufi kwa herufi, na saa nayo ikikubali, mimi ningetulia.

Kisichoelezeka kirahisi ni mfumo usio nao nyumbani kabisa. Kama hakuna anayemiliki iPhone kwenu na onyo linasema iPhone, au hujagusa kompyuta mwezi mzima na onyo linasema Windows, usijitafutie sababu za kujifariji.

## Mji: kwa nini Mbeya inageuka Dar

Instagram haitegemei setilaiti za GPS kuandika mji kwenye onyo. Inatazama anwani ya IP ambayo maombi yako yametokea, kisha inaangalia kwenye kanzidata anwani hiyo imeandikishwa wapi. Anwani za IP za mtindo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, kwa hiyo kampuni za simu hazimpi kila mteja ya kwake. Wateja wengi hutoka kwenye intaneti kupitia lango moja na anwani chache za pamoja, na lango lenyewe mara nyingi liko kwenye jiji kubwa. Ni kama barua uliyoiandika Tukuyu ikaenda kupigwa muhuri Dar. Ndiyo maana mtu wa Kisumu huitwa wa Nairobi, na wa Mbeya huitwa wa Dar.

Hili unaweza kulipima mwenyewe badala ya kubahatisha. Ukiwa umewasha bando la simu na si waifai, andika hivi kwenye kivinjari:

```
ipinfo.io/json
```

Utaona mistari michache, ukiwemo wa "city", yaani mji unaodhaniwa uko, na "org", yaani kampuni ambayo mtandao wako unatokea. Kisha zima data, washa waifai ya nyumbani au ya ofisini, fungua tena. Si ajabu miji ikawa miwili tofauti na wewe hujainuka kwenye kiti. Kanzidata hii si lazima iwe ndiyo ileile anayotumia Meta, kwa hiyo majibu yanaweza kupishana, lakini ukiona "city" ni Dar es Salaam wewe ukiwa Soweto ya Mbeya, swali la mji limeshapata jibu.

Mji ukiwa wa nje ya nchi, kuna sababu za kawaida za kupitia kwanza. Ya kwanza ni VPN. Uganda, Facebook ilifungwa Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na tangu hapo wengi wameizoea kupitia VPN. Tanzania nako wengi walizipakua baada ya X kuzuiwa Mei 2025. Anayetumia VPN ya bure ataonekana Uholanzi leo na Marekani kesho, kwa kuwa ndiko zilipo seva anazopitia, na ataletewa onyo kila anapobadilisha. Tatizo la mtu huyu ni kwamba anazoea kubofya "ni mimi" bila kusoma, na siku mwizi halisi akija kwa VPN ya nchi ileile hatamtofautisha. Ushauri wangu ni kuchagua nchi moja kwenye VPN na kubaki nayo.

Ya pili ni Opera Mini, ambayo kwenye hali ya kubana bando kwa nguvu hupitisha kurasa kwenye seva za Opera kabla ya kukufikia. Ya tatu ni intaneti ya setilaiti, ambako mteja huonekana kwenye mji ambako mtambo wa kampuni umeungana na intaneti, hata kama uko nchi jirani.

Ya nne haina heri. Programu za "ona nani anatazama profaili yako" na zile za kuongeza wafuasi hukuomba nywila, kisha seva yao inaingia kwenye akaunti yako kwa niaba yako. Onyo linalotaja mji kama Ashburn wa Virginia, ambako vituo vya data vimejazana, mara nyingi linamaanisha kompyuta iliyokodishwa, si mtu aliyeketi na simu. Inaweza kuwa VPN yako, inaweza kuwa programu ya wafuasi. Kama huna VPN, jiulize wapi uliandika nywila yako mwezi huu.

Na sasa upande wa pili wa shilingi: mji ukiwa wako, hilo halikusafishi. Anayefungua akaunti yako anaweza kuwa ndugu, mfanyakazi uliyemwachisha, au fundi aliyekaa na simu yako siku mbili. Hao wote wanatokea kwenye lango lilelile unalotokea wewe.

## Tuifanye kesi moja hadi mwisho

Chukua mama anayeuza mitandio Mbeya kupitia Instagram. Amepata lile onyo la juu: Android, Chrome Mobile, Dar es Salaam, May 13, 11:47 PM PDT. Simu yake ni Samsung na anatumia programu ya Instagram siku zote, si Chrome. Mwanzoni kila kitu kinaonekana kibaya.

Anahakiki kwanza kwenye "Recent emails". Barua imo, ni ya kweli. Anageuza saa na kupata saa 3:47 asubuhi ya tarehe 14. Anafungua historia ya Chrome kwenye simu yake na kutazama siku hiyo. Kuna ukurasa wa instagram.com, 9:46 ya asubuhi kwa saa ya simu. Anakumbuka: mteja alimtumia WhatsApp kiungo cha picha ya mtandio, akakigusa, kikafunguka kwenye Chrome badala ya programu, ukurasa ukamtaka aingie, naye akaandika nywila bila kufikiri mara mbili. Kwa kuwa historia inaonyesha ni instagram.com yenyewe na si jina la kufanana nalo, hakunaswa. Anajaribu ipinfo.io/json kwa bando lake na kukuta Dar es Salaam.

Bado kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Anaenda "Password and security", kisha "Where you're logged in", anachagua akaunti. Anakuta mistari miwili, mmoja ukiwa umeandikwa "This device", mwingine Chrome. Anarudi kwenye Chrome, anatoka kwenye akaunti kwa "Log out", kisha anafungua orodha tena. Mstari wa Chrome ukiwa umeondoka, ulikuwa wake. Ukibaki palepale baada ya kusubiri kidogo na kuifungua upya orodha, ni wa mtu mwingine, na maelezo yote mazuri ya mwanzo hayana maana tena.

Sasa badilisha kitu kimoja tu kwenye kesi hii. Weka Windows badala ya Android, mengine yote yabaki. Historia ya simu haionyeshi kitu saa hiyo, mwanawe hana kompyuta, msichana wa dukani anatumia simu. Mji bado ni Dar, mji uleule ambao dakika moja iliyopita haukuwa tatizo. Hapa mama anabofya kwamba si yeye.

Na ukiwa njia panda, huna uhakika, bofya hivyohivyo. Gharama ya kukataa kuingia kulikokuwa kwako ni kubadilisha nywila na kuingia upya kwenye simu zako. Gharama ya kukubali kwa makosa ni kwamba umemthibitishia Instagram kifaa cha mwizi, na huenda safari ijayo asilete onyo tena. Kama akaunti inaendeshwa na watu zaidi ya mmoja, wapigie kwanza. Mara nyingi "mdukuzi" ni kijana wa matangazo aliyenunua simu mpya.

## Dalili ndani ya akaunti

Hizi zina uzito kuliko onyo lenyewe. Meseji ulizotuma ambazo hukuandika, hasa za kuomba hela au kuwaalika watu "kuwekeza". Watu unaowafuata ambao huwajui. Matangazo ya kulipia usiyoyaanzisha. Lakini kubwa kuliko zote iko "Accounts Center", "Personal details", "Contact info": imeli au namba ya simu isiyo yako. Mwizi mzoefu haharakishi kubadilisha nywila, kwa sababu hilo lingekushtua. Anaongeza imeli yake kimyakimya, anasubiri, na wewe ukibadilisha nywila anairudisha kwa imeli hiyo.

Hapa kuna jambo la kwetu kabisa. Watu wengi walifunguliwa akaunti dukani siku waliponunua simu, na kijana wa duka aliweka imeli aliyoitengeneza yeye. Imeli hiyo bado ni ufunguo wa akaunti miaka yote hii. Ukiikuta, si lazima iwe ya mdukuzi, lakini haina kazi pale; weka yako, ithibitishe, kisha iondoe ile.

Dalili nyingine ambayo watu huikosa iko kwenye Gmail. Onyo limetokea ndani ya programu, na "Recent emails" inasema barua ilitumwa, ila kwenye imeli haipo, hata kwenye taka. Fungua Gmail kwenye kompyuta, nenda "Settings", kisha "Filters and Blocked Addresses", halafu "Forwarding and POP/IMAP". Ukikuta sheria inayofuta barua za Instagram au kuzipeleka kwenye anwani nyingine, kilichoingiliwa kwanza ni imeli, na Instagram imefuata tu.

## Kufunga milango, kwa mpangilio huu

Mpangilio una maana yake. Anza na imeli: badilisha nywila yake, futa sheria usizozijua, ondoa vifaa vigeni kwenye "Your devices" ya akaunti ya Google. Ukianza na Instagram wakati mwizi bado anasoma imeli yako, unafanya kazi bure.

Kisha nenda Instagram. Ondoa imeli na namba zisizo zako kwenye "Contact info". Badilisha nywila, na ukipewa chaguo la kutoka kwenye vifaa vingine, likubali. Rudi "Where you're logged in" uhakikishe umebaki wewe peke yako. Ondoa programu na tovuti ulizoziruhusu ambazo huzitumii. Mwisho, washa "Two-factor authentication".

Kwa hatua ya pili, namba za meseji ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila programu ya kuzalisha namba kama Google Authenticator ni imara zaidi, maana laini ya simu inaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine kwa udanganyifu. Kwa ndugu walioko Muscat au Dubai ambao laini zao za Tanzania au Kenya zilishazimwa kwa kutotumika, hili si suala la uimara tena: namba haitafika kabisa, na laini iliyozimwa inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Hifadhi zile namba za dharura za "Backup codes" kwenye karatasi, siyo picha ya skrini ndani ya simu hiyohiyo.

## Umebadilisha nywila, na onyo linarudi

Kama limerudi kwa kifaa kilekile, angalia kwanza kama si wewe: VPN bado imewaka, kivinjari kinafuta kumbukumbu kila kinapofungwa, au unatumia ukurasa wa faragha. Yote haya hukufanya uonekane mgeni kila siku.

Ikiwa si hayo, tazama kompyuta uliyobadilishia nywila. Programu zilizovunjwa ulinzi na "crack" zake, za kuhariri video hasa, hubeba virusi vinavyokusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi. Kidakuzi ndicho kinachoiambia Instagram kwamba tayari umeingia. Aliyekiiba anaweza kukiweka kwenye kivinjari chake na kuingia bila kuulizwa nywila wala hatua ya pili, kwa hiyo usishangae kwamba hukuletewa namba yoyote. Kubadilisha nywila kwenye mashine hiyo ni kumsomea mwizi nywila mpya. Fanya kazi yote ya kufunga milango kwenye simu safi, ondoa vifaa vyote kwenye orodha, na kompyuta isafishwe kwa kuwekewa mfumo upya kabla hujaingia tena chochote cha maana.

Na kama umechelewa, nywila yako haikubaliki na imeli imeshabadilishwa, tafuta kwenye imeli yako ya zamani barua inayosema anwani imebadilishwa. Ndani yake huwa na kiungo cha kutengua badiliko hilo, na hufanya kazi vizuri zaidi mapema. Isipopatikana, andika mwenyewe kwenye kivinjari instagram.com/hacked au facebook.com/hacked ufuate maswali. Usimlipe mtu anayejitangaza kwenye maoni kwamba anarudisha akaunti. Fanya maombi hayo ukiwa kwenye simu uliyokuwa ukiitumia kabla ya tatizo, VPN ikiwa imezimwa, kwenye mtandao uliouzoea. Meta inalinganisha kifaa na mahali ulipo na historia yako, na ukiomba kutoka kwenye simu ya kuazima utaonekana wewe ndiye mgeni.